Malalamiko Rasmi: Kucheleweshwa kwa Vitambaa vya Sare na Dai la Fidia

Karakana ya Sare za Shule,
Gikomba,
Nairobi.

19 Januari 2026

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Usambazaji wa Vitambaa,
Barabara ya Enterprise, Eneo la Viwanda,
Nairobi.

(Imeletwa kwa mkono, nakala kwa barua pepe)

Bwana Mkurugenzi,

KUH: KUCHELEWESHWA KWA VITAMBAA VYA ODA YA TAREHE 20 OKTOBA 2025 NA DAI LA FIDIA YA SHILINGI 232,400

Ninakuandikia kulalamika rasmi kuhusu jinsi kampuni yako ilivyoishughulikia oda yangu ya vitambaa vya sare, na kudai fidia ya hasara iliyonipata. Nimezungumza na idara yako ya mauzo mara nyingi bila kupata jibu la maana. Ndiyo maana barua hii naileta kwako moja kwa moja.

Tarehe 20 Oktoba 2025 niliagiza mita 1,200 za gaberdini ya kijivu kwa shilingi 450 kila mita, na mita 900 za tetroni nyeupe kwa shilingi 220 kila mita. Jumla ilikuwa shilingi 738,000, ushuru wa VAT ukiwa ndani. Siku mbili baadaye nililipa arubuni ya nusu, shilingi 369,000, kupitia benki, na stakabadhi yenu ninayo. Nusu iliyobaki ilikuwa ya kulipwa mzigo unapofika. Hati ya kuagiza bidhaa, ambayo afisa wenu wa mauzo aliitia sahihi na mhuri, inasema wazi kwamba mzigo wote ungefika Gikomba kabla ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025. Imeandikwa pia kwamba vitambaa ni vya sare za muhula wa kwanza. Sikuiweka sentensi hiyo kama pambo. Niliisisitiza mezani kwenu kabla ya kulipa, kwa sababu mwaka huu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walikuwa wanaingia sekondari pevu, na kila mzazi angehitaji sare mpya kabisa badala ya kurefusha pindo za mwaka jana. Shule zilifunguliwa tarehe 5 Januari, na Gredi ya 10 ikaripoti tarehe 12. Tarehe hizo hazimsubiri fundi wala mwenye duka la vitambaa.

Kilichotokea ni hiki. Tetroni nyeupe ilifika tarehe 28 Novemba, wiki mbili baada ya siku tuliyoahidiana. Gaberdini haikuonekana hadi tarehe 19 Desemba, na siku hiyo zikaja mita 500 pekee. Mita 700 zilizobaki zililetwa Alhamisi, tarehe 8 Januari 2026, wakati shule nyingi nilizozishonea zilikuwa tayari na watoto madarasani. Kila fungu lilipofika nililipa nusu yake iliyobaki bila kuchelewa hata siku moja: shilingi 99,000 za tetroni na shilingi 112,500 za gaberdini ya Desemba. Fungu la Januari nililipokea kwa kuandika kwenye hati ya mzigo, mbele ya dereva wenu, kwamba limechelewa na kwamba silikubali lote.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko ucheleweshaji wenyewe. Meli huchelewa, na bandari ya Mombasa hujaa. Mfanyabiashara yeyote wa Nairobi anajua hayo, na ningeelewa. Lakini nilipouliza mwezi wa Oktoba kama gaberdini iko ghalani, niliambiwa iko, na nikaonyeshwa jora la sampuli. Novemba nilipouliza mzigo uko wapi, niliambiwa lori litatoka kesho. Kesho ikawa wiki ijayo. Ujumbe wote wa WhatsApp upo, na nimeuambatisha. Ni tarehe 15 Desemba tu ndipo afisa wenu aliponiandikia kwamba kontena lilikuwa halijatolewa bandarini tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba majibu yote niliyopewa kwa mwezi mzima hayakuwa ya kweli.

Hebu fikiria tofauti ambayo neno moja la ukweli lingeleta. Kama tarehe 14 Novemba mngeniambia kitambaa hakipo, ningekwenda Eastleigh wiki hiyo hiyo nikanunua gaberdini ya namna hiyo kwa bei ya karibu na yenu, kwa kuwa msimu ulikuwa haujaanza. Mafundi wangu wangekata na kushona kwa saa za kawaida, na shule zangu zote zingepata sare kabla ya Krismasi. Badala yake niliendelea kusubiri kwa kuwaamini, hadi bei zikapanda na siku zikaisha.

Hasara ninayodai ni hii. Tarehe 22 Desemba nililazimika kununua mita 400 za gaberdini Eastleigh kwa shilingi 610 kila mita. Ikilinganishwa na bei yetu, nililipa shilingi 160 zaidi kwa kila mita, yaani shilingi 64,000. Kuanzia siku hiyo hadi shule zilipofunguliwa, mafundi cherehani wanane walishona usiku, Jumapili, na hata sikukuu ya Krismasi. Kwa mujibu wa kanuni za mishahara, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na siku za mapumziko na sikukuu hulipwa mara mbili. Nyongeza hiyo ilifika shilingi 58,400, na daftari la malipo lenye sahihi zao limeambatishwa. Mshahara wa kawaida niliowalipa mwezi wa Novemba huku meza ya kukatia ikiwa tupu sijaudai, kwa sababu sehemu ya muda huo waliutumia kumalizia kazi nyingine. Ninadai kile tu ninachoweza kukithibitisha.

Shule moja ya Embakasi ilifuta oda ya suruali 150 tarehe 6 Januari baada ya wazazi kuchoka kungoja na kununua kwingine. Faida yangu ilikuwa shilingi 380 kwa kila suruali, kwa hiyo nilipoteza shilingi 57,000. Shule nyingine ya Machakos ilikubali kupokea sare zikiwa zimechelewa kwa sharti kwamba nipunguze asilimia 5 ya ankara ya shilingi 420,000, nami nikapunguza shilingi 21,000. Na kwa kuwa sare za shule hiyo sikuweza kuzipeleka kwa safari moja kama tulivyopanga, nilizituma kwa mafungu kadiri zilivyotoka kwenye cherehani, na gharama ya ziada ya usafiri ikawa shilingi 9,500. Barua za shule zote mbili na stakabadhi za usafiri zimo kwenye viambatisho.

Hizo ni shilingi 209,900. Jina ambalo shule ya Embakasi ilinijua nalo kwa miaka mingi sijalitia bei. Mwalimu mkuu wake aliniambia kwamba kuna watoto walioingia Gredi ya 10 wakiwa na nguo za nyumbani wakati wenzao wamevaa sare, na kwamba wazazi walimlaumu yeye. Ningependa wewe pia ulijue hilo, maana ucheleweshaji huu haukuishia kwenye ghala lako wala kwenye karakana yangu.

Kuhusu mita 700 za Januari, tatizo halikuwa la muda pekee. Tulipolifungua jora la kwanza mwangani tuliona rangi yake imekoza kuliko ya mita 500 za Desemba na kuliko sampuli mliyonipa. Vitambaa vya vyungu viwili tofauti vya rangi haviwezi kuvaliwa paredi moja. Mzazi ataona, na mwalimu ataona. Nimekubali kubaki na mita 300 kwa sababu kuna shule ya Kayole iliyokubali kusubiri, na zitakazobaki nitazitafutia wateja mwenyewe. Mita 400 ninazikataa. Ziko kwenye nailoni zake kama zilivyokuja, hazijakatwa wala kuoshwa, na ninaomba mje kuzichukua kwa gharama yenu kufikia Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026.

Hesabu ya fungu hilo ni rahisi. Katika arubuni yangu, shilingi 157,500 zilikuwa za mita hizo 700. Mita 300 ninazobaki nazo ni shilingi 135,000. Kwa hiyo sina deni kwenu, na ninyi mnapaswa kunirudishia shilingi 22,500. Ankara ya salio la shilingi 157,500 mliyonitumia tarehe 9 Januari ninaikataa, na ninaomba iondolewe kwenye vitabu vyenu na kwenye mfumo wa ankara za kodi. Ukiijumlisha marejesho hayo na hasara niliyoieleza, dai langu lote ni shilingi 232,400.

Ninaomba fedha hizo zilipwe kwenye akaunti ile ile ya benki niliyotumia kulipa arubuni, kufikia Jumatatu, tarehe 2 Februari 2026. Afisa wenu alinidokezea kwa simu kwamba naweza kupewa punguzo kwenye oda ya muhula wa pili. Sitalipokea. Mafundi niliwalipa fedha taslimu, na kitambaa cha Eastleigh nilikinunua kwa fedha taslimu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inampa mnunuzi haki ya kudai fidia pale muuzaji anapovunja makubaliano ya kuwasilisha bidhaa. Inasema pia kwamba mnunuzi halazimiki kupokea mzigo kwa mafungu isipokuwa amekubali, na kwamba bidhaa zilizouzwa kwa sampuli lazima zilingane na sampuli hiyo. Nisipopata malipo au pendekezo la maandishi linaloeleweka kufikia tarehe niliyotaja, nitalipeleka dai hili katika Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Nitaomba pia gharama za kesi na riba.

Ningependelea tuimalize bila mahakama. Nimenunua kwenu kwa misimu kadhaa na awali mzigo ulifika kwa wakati. Niko tayari kuja ofisini kwako siku yoyote ya kazi kabla ya tarehe 2 Februari na vitabu vyangu, tupitie kila shilingi pamoja, mradi nikae na mtu mwenye mamlaka ya kuamua na kutia sahihi. Mkutano huo hautasogeza mbele siku ya mwisho ya malipo.

Tafadhali thibitisha kwa maandishi kwamba umepokea barua hii.

Wako mwaminifu,

R. Mwende
Mkurugenzi, Karakana ya Sare za Shule

Viambatisho: hati ya kuagiza bidhaa yenye mhuri, stakabadhi za malipo ya benki, hati tatu za kupokea mzigo, nakala za ujumbe wa WhatsApp na barua pepe, stakabadhi ya gaberdini ya Eastleigh, daftari la malipo ya saa za ziada, barua za shule mbili, stakabadhi za usafiri, kipande cha sampuli na vipande vya mafungu yote mawili ya gaberdini.

Nakala: Meneja wa Mauzo, Mhasibu Mkuu.