Taarifa ya Kosa Katika Jumla ya Matumizi ya Septemba 2025 na Marekebisho Yake

Kitengo cha Matumizi,
Idara ya Fedha.

Kumb. Na. MT/09/2025/14

8 Oktoba 2025

Kwa: Meneja wa Fedha

Ndugu Meneja,

YAH: KOSA KATIKA JUMLA YA MATUMIZI YA MWEZI SEPTEMBA 2025 NA MAREKEBISHO YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninakuarifu kwamba jumla ya matumizi ya mwezi Septemba 2025 iliyomo katika taarifa uliyopelekewa tarehe 3 Oktoba 2025, yaani 14,382,600, si sahihi. Jumla iliyo sahihi ni 14,368,250. Taarifa ile ilizidisha matumizi kwa 14,350, na ingawa tofauti hiyo ni ndogo ukilinganisha na jumla yenyewe, nimeona ni lazima nikuandikie kwa kirefu, kwa sababu imetokana na makosa mawili makubwa yaliyovutana pande mbili, na kila moja limebadilisha picha ya bajeti katika vifungu ambavyo huenda ofisi yako inavitolea uamuzi wiki hii.

Kosa liligundulika jana, tarehe 7 Oktoba, nilipokuwa nikilinganisha taarifa ya mwezi na leja kuu. Leja ilionyesha 14,368,250. Kwa kuwa tofauti ya namna hii mara nyingi hutokana na tarakimu mbili kupishana wakati wa kuchapa, kwanza niliigawanya kwa 9, lakini haikugawanyika bila baki. Kisha nikatafuta hati ya malipo yenye kiasi cha 14,350 ambayo ingeweza kuwa imeingizwa mara mbili, na baada ya hapo yenye nusu ya kiasi hicho, yaani 7,175, ambayo ingeweza kuwa imewekwa upande usio wake. Sikuona hata moja. Hapo ndipo nilipotoa jalada la hati za mwezi mzima na kuzipitia moja baada ya nyingine, kuanzia namba 0612 hadi 0679, nikiweka alama ya penseli kwenye kila hati iliyolingana na mstari wake katika jedwali la Excel na pia katika leja.

Kosa la kwanza limo katika hati namba 0647, inayohusu ubadilishaji wa klachi ya gari la usambazaji. Katika jedwali imeandikwa 743,000, wakati kiasi halisi ni 473,000, yaani tarakimu 4 na 7 zimepishana na matumizi yakaongezeka kwa 270,000. Ankara ya fundi imeandikwa kwa mkono, na tarakimu hizo mbili zimebanana kiasi kwamba mtu anayechapa kwa haraka anaweza kuzisoma vibaya, lakini chini yake kiasi kimeandikwa pia kwa maneno, "laki nne na elfu sabini na tatu tu", na hayo hayaachi shaka. Sikutosheka na ankara peke yake. Nilitazama taarifa ya benki, na malipo yaliyotoka tarehe 19 Septemba kwa fundi huyo ni 473,000. Kwa hiyo hakuna fedha iliyolipwa zaidi ya stahili, na hakuna wa kudaiwa marejesho. Kosa liko katika jedwali tu.

Kosa la pili halikuwa rahisi kuonekana, kwa kuwa mistari inayohusika ilikuwamo katika jedwali na ilikuwa na viasi vyake sahihi. Hati namba 0678, ya malipo ya umeme yenye 158,400, na hati namba 0679, ya karatasi na wino wa mashine za kuchapia yenye 97,250, zote mbili zililipwa tarehe 30 Septemba baada ya jedwali kuwa limekwisha kupangwa. Zilibandikwa chini ya mstari wa mwisho, katika mistari ya 72 na 73, lakini fomula ya jumla haikurefushwa ili izifikie. Fomula iliyokuwapo ilikuwa hii:

```
=SUM(F6:F71)
```

Fomula hiyo inahesabu mistari 66, ilhali hati zilizomo katika jalada ni 68. Fomula za vifungu nazo ziliishia mstari wa 71, na ndiyo maana jumla za vifungu zilipojumlishwa zilileta 14,382,600 ileile, na mtu aliyehakiki taarifa kwa kulinganisha jumla kuu na jumla za vifungu asingeweza kuona dosari yoyote. Hati hizo mbili kwa pamoja ni 255,650, na kiasi hicho chote kilikosekana katika taarifa. Ukitoa 270,000 zilizozidi na kuongeza 255,650 zilizokosekana, unapata punguzo la 14,350, ambalo ndilo tofauti kamili kati ya taarifa na leja. Hakuna salio lililobaki bila maelezo.

Ninaomba ofisi yako itazame kwa makini zaidi athari kwa vifungu, kwa sababu hapo ndipo taarifa ile inapoweza kupotosha. Kifungu cha matengenezo ya magari na mitambo kilionyeshwa kuwa kimetumia 2,860,000, yaani kimepita bajeti yake ya 2,700,000 kwa 160,000. Matumizi yake halisi ni 2,590,000, na bado kina 110,000 ndani ya bajeti. Kinyume chake, kifungu cha umeme, maji na mawasiliano kilionyeshwa kutumia 2,238,600 na kubakiwa na 61,400, wakati ukweli ni kwamba kimetumia 2,397,000 na kimevuka bajeti yake ya 2,300,000 kwa 97,000. Hivyo kifungu kilichoonekana kuvuka hakikuvuka, na kilichovuka kweli hakikuonekana. Kifungu cha vifaa vya ofisi kimepanda kutoka 1,472,350 hadi 1,569,600 na kingali ndani ya bajeti yake ya 1,600,000, ila kimebakiwa na 30,400 tu. Vifungu vya usafiri na mafuta, 3,915,400, na malipo ya vibarua, 3,896,250, havikuguswa.

Ninafahamu kwamba baada ya taarifa ya tarehe 3 Oktoba, mkuu wa kitengo cha usafiri aliagizwa kusimamisha matengenezo yasiyo ya dharura na kuandika maelezo ya kuvuka bajeti. Kwa takwimu zilizosahihishwa, maelezo hayo hayahitajiki. Naona ni haki aarifiwe mapema, maana anaendelea kujibu jambo ambalo halikutokea, na magari yanayosubiri huduma yanazidi kuchakaa. Uamuzi huo ni wa ofisi yako, nami nimeona ni wajibu wangu kuutaja.

Kuhusu vitabu vya hesabu, leja kuu haihitaji ingizo lolote la marekebisho, kwa kuwa hati ziliingizwa humo moja kwa moja kutoka kwenye jalada na zote 68 zimo kwa viasi vyake halisi. Usuluhishi wa benki wa mwezi Septemba nao haubadiliki. Kinachotakiwa kusahihishwa ni taarifa ya mwezi, pamoja na muhtasari wa robo ya tatu unaotarajiwa kuwasilishwa tarehe 15 Oktoba, ambao rasimu yake imechukua takwimu isiyo sahihi. Matumizi ya Julai yalikuwa 13,904,750 na ya Agosti 14,127,900. Kwa hiyo jumla ya robo mwaka inashuka kutoka 42,415,250 hadi 42,400,900. Niliona isingefaa kukuletea marekebisho ya mwezi mmoja bila kukagua mingine miwili, hivyo nimepitia pia majedwali ya Julai na Agosti. Fomula zake zinafika mstari wa mwisho, idadi ya mistari inalingana na idadi ya hati, na jumla zake zinakubaliana na leja.

Faili la awali sikulifuta wala kulibadilisha, ili yeyote atakayehitaji kufuatilia kilichotokea alikute kama lilivyotumwa. Nimetengeneza nakala yake, nikaihifadhi kwa jina Matumizi_Septemba_2025_Sahihi, nikarekebisha kiasi cha hati 0647 na kurefusha fomula zote hadi mstari wa 73. Nimeongeza pia chini ya jumla sehemu ndogo ya uhakiki yenye fomula ifuatayo, ambayo huonyesha idadi ya malipo yaliyohesabiwa:

```
=COUNT(F6:F73)
```

Mbele yake huandikwa idadi ya hati zilizohesabiwa kwa mkono kutoka kwenye jalada, na chini yake jumla ya leja kuu. Idadi zikitofautiana, au jumla zikitofautiana hata kwa senti, taarifa isitoke. Uhakiki wa idadi ungenasa kosa la pili siku ileile, lakini la kwanza usingeligusa, kwa sababu mstari wenye tarakimu zilizopishana bado ni mstari mmoja. Hilo hunaswa na ulinganisho na leja, na kwa sasa ulinganisho huo hufanyika baada ya taarifa kutumwa. Kwa hiyo ninapendekeza ufanyike kabla, hata kama taarifa itachelewa kwa siku moja au mbili. Ninaamini ofisi yako ingependelea kuipokea ikiwa imechelewa kidogo kuliko kuipokea mapema ikiwa na takwimu zitakazobadilika.

Kutokana na maelezo haya, ninaomba idhini yako ili taarifa ya tarehe 3 Oktoba iondolewe rasmi na nafasi yake ichukuliwe na taarifa iliyosahihishwa, ambayo nimeiandika neno "IMESAHIHISHWA" na tarehe ya leo juu ya ukurasa wa kwanza. Taarifa ya awali ilipelekwa pia kwa Ofisa wa Bajeti na kwa wakuu wa vitengo vyote, nami niko tayari kuwafikishia mpya pamoja na maelezo mafupi ya mabadiliko mara tu utakapoidhinisha. Ili muhtasari wa robo mwaka upate muda wa kurekebishwa, ningeshukuru kupata uamuzi wako kabla ya tarehe 13 Oktoba.

Nimeambatisha taarifa iliyosahihishwa, jedwali la ulinganisho wa vifungu kabla na baada ya marekebisho, nakala za hati namba 0647, 0678 na 0679 pamoja na ankara zake, ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha malipo hayo matatu, na ukurasa wa leja kuu wenye jumla ya mwezi. Jalada lenye alama zangu za penseli liko kwenye kabati la kitengo, na ninaweza kulileta ofisini kwako wakati wowote utakapolihitaji.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Karani wa Hesabu,
Kitengo cha Matumizi.

Nakala: Mhasibu Mkuu