Maswali yangu kuhusu malipo, ankara na kodi kabla ya kutia saini mkataba

Dada Zuhura,

Asalaam aleikum. Rasimu ya mkataba uliyonitumia Alhamisi nimeipata na nimeisoma kifungu baada ya kifungu. Kazi yenyewe ya uhariri naitaka kwa moyo wote. Masomo ya afya ya mama na mtoto yanahitaji Kiswahili ambacho mama wa Likoni au wa Kwale atakielewa bila kuuliza jirani, na nina hakika naweza kuifanya vizuri. Kabla sijatia saini, kuna mambo ya pesa ambayo rasimu imeyaacha wazi. Naomba uyafikishe kwa wenzako wa uhasibu hapo Hamburg, na majibu yao yaingie kwenye mkataba wenyewe.

Nianze na sarafu, kwa sababu hapo mazungumzo yetu na maandishi hayalingani. Kwenye simu tulikubaliana euro 1,400 kwa mwezi. Kifungu cha 4 kinasema malipo yatakuwa "kwa dola za Marekani, kwa thamani inayolingana". Inalingana na nini, na ya siku gani? Ya siku ninayotoa ankara, siku mnayoiidhinisha, au siku benki inapotuma? Hapa kwetu jambo hili tumeliona kwa macho: dola ilikaribia shilingi 160 mwezi Januari 2024, na katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeteremka hadi karibu 129. Mtu aliyekuwa na mkataba wa dola alipata pungufu kwa kazi ileile. Ombi langu ni euro iandikwe na euro ilipwe. Ikiwa lazima iwe dola, basi kifungu kitaje kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu ya Ulaya siku ya tarehe ya ankara, ili kila mmoja wetu aweze kukihakikisha mwenyewe.

Njia ya malipo: kifungu cha 5 kinasema "uhamisho wa benki au njia nyingine yoyote itakayochaguliwa na Kampuni". Haya maneno ya mwisho naomba yaondolewe. Sitaki kuamka siku moja nikaambiwa nimelipwa kwa sarafu za kidijitali, au kwa mfumo ambao ada yake siijui. Ninayo akaunti ya euro katika benki yangu hapa Mombasa, na ndiko ningependa fedha ziingie. Kwa kuwa Kenya haimo katika mtandao wa SEPA, mtatuma kwa SWIFT, na hapo swali kubwa ni nani anabeba ada. Mteja wangu mmoja wa nje alinitumia dola 600 zikaingia 568. Yeye alisema katuma zote, benki yangu ikasema imepokea hizo tu, kumbe benki ya katikati iliyopitisha fedha ilikata chake njiani. Naomba mkataba useme uhamisho utatumwa kwa chaguo la OUR, yaani ada za upande wenu na za benki za katikati zinalipwa na kampuni. Ada ya benki yangu ya kupokea nitaibeba mwenyewe.

Mkiona OUR ni ghali, nipo tayari kwa Wise, mradi kiasi kinachofika kiwe kamili. Wakituma moja kwa moja M-Pesa, wakumbuke muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000. Mwezi mmoja unaingia (kwa kiwango cha shilingi 150 kwa euro ni 210,000), lakini wakirundika miezi miwili haitapita kwa mara moja. PayPal naomba tuiache, kwa sababu makato yake pamoja na ya kubadilisha fedha yatakula sehemu ya mapato ambayo siwezi kuikubali kila mwezi. Kwa vyovyote, je, mnaweza kutuma euro 20 za majaribio kabla ya malipo ya kwanza, mzikate humohumo kwenye ankara ya Oktoba? Tutajua mapema kama jina na namba ya akaunti ziko sawa.

Kuhusu ankara, sheria ya hapa inanitaka niitoe kupitia mfumo wa eTIMS wa KRA. Sijasajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kwani mauzo yangu kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 5, kwa hiyo hamtaona kodi hiyo ikiongezwa juu ya euro 1,400. Upande wenu, nijuavyo, kampuni ndiyo inayoihesabu kama mpokeaji wa huduma. Je, wahasibu wanataka maneno maalum ya Kijerumani yaandikwe kwenye ankara kuhusu hilo? Naomba pia jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa, anwani, namba yenu ya kodi inayoanza na DE, na barua pepe ambako ankara itumwe.

Kifungu cha 6 kinanipa wasiwasi zaidi. "Siku 45 baada ya ankara kuidhinishwa." Nani anaidhinisha, na ana siku ngapi? Bila kikomo, siku 45 zinaweza kuwa 90 na hakuna aliyevunja mkataba. Hata wakiidhinisha siku hiyohiyo, ankara ya tarehe 31 Oktoba italipwa 15 Desemba, na tarehe 20 Desemba KRA inadai awamu ya kodi ya mapato. Naomba siku 14 tangu ankara kupokelewa, na mwenye pingamizi aitoe kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi. Kwa kuwa kifungu cha 14 kinasema mkataba unafuata sheria ya Ujerumani, nadhani hakutakuwa na kikwazo kuandika kwamba ikichelewa, riba ya kifungu cha 288 cha sheria ya kiraia ya huko itatumika.

La mwisho ni kodi. Kifungu cha 9 kinasema kodi zote ni juu yangu. Sawa, nina PIN na ritani yangu nawasilisha kila mwaka kabla ya 30 Juni. Lakini kifungu cha 10 kinairuhusu kampuni "kukata kodi yoyote inayotakiwa na sheria", na kifungu cha 11 kinasema nawapa haki za kutumia maandishi yangu yote, kila mahali, bila ukomo. Ujerumani hukata kodi kwenye malipo ya haki za kazi za ubunifu kwa mtu asiyeishi huko: asilimia 15 pamoja na nyongeza ya mshikamano, jumla 15.825. Kwa malipo yangu hiyo ni euro 221.55 kila mwezi! Je, wahasibu wanayaona malipo haya kuwa ada ya huduma ya uhariri, au ada ya haki? Wakisema ni huduma, naomba kifungu cha 11 kieleze hivyo waziwazi. Wakisema lazima wakate, nahitaji kujua sasa ili tuzungumze bei upya, na kila makato yaje na cheti cha ofisi ya kodi ya huko. Kenya na Ujerumani zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili uliotiwa saini 1977, ila bila cheti sina cha kuionyesha KRA.

Mkataba unasema kazi inaanza tarehe 1 Oktoba. Nikipata majibu kufikia Jumatano ya tarehe 24 Septemba, nitarudisha nakala iliyosainiwa kesho yake. Kama ni rahisi kwako kuzungumza, nipigie wakati wowote baada ya Alasiri.

Shukrani sana, dada.

Mwanaisha
Mombasa