Mwani na maji ya kina: hati ya mwongozaji wa mazungumzo

Mahali: ukumbi wa skuli, Jambiani, Unguja. Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa tano na nusu. Maneno yaliyo ndani ya mabano ni yangu mwenyewe, hayasomwi.

KUFUNGUA

Assalaam alaykum. Karibuni mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba mlioko nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Siku ya leo tumeichagua makusudi. Ni maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, kwa hivyo hakuna aliyeacha kamba zake kuja hapa. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa mwani ulioitishwa siku ya bamvua. Ukumbi ulijaa wanaume, na wenye mwani walikuwa majini mpaka kiunoni. Nilitoka na uchungu ambao haujanitoka mpaka leo.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza hapa Jambiani na kwa jirani zetu wa Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Katika kila wakulima kumi wa mwani wa Zanzibar, wanane hivi ni wanawake. Mwani umejenga nyumba katika kijiji hiki na umesomesha watoto, mimi nikiwa mmoja wao. Daftari zangu zilinunuliwa kwa mwani wa spinosamu. Leo swali letu ni moja: kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, umetukimbia kwenye maji ya kina kifupi. Tunaufuataje huko uliko?

KUTAMBULISHA WAGENI

(Kila mtu akitajwa apunge mkono tu. Hotuba baadaye.)

Kulia kwangu ni Bi Mwanakhamis. Hahitaji kutambulishwa Jambiani, lakini wageni wamjue: amefunga mwani tangu mbegu ya kwanza ilipofika ufukweni kwetu. Ameona bei ikipanda, ikishuka, na kotonii ikija na kuondoka.

Pembeni yake ni Dokta Salma, mtafiti wa mwani. Nampenda kwa jambo moja: akija kijijini hushuka majini kwanza, maswali huuliza baadaye.

Anayefuata ni Ndugu Haji, wakala wa ununuzi. Ndiye anayeshika mizani. Najua kuna walio na maneno naye, na amekuja akijua hivyo. Tumshukuru kwa kuja.

Mwisho ni Bi Asha wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni na unga wa mwani kule Paje. Vipande vya sabuni yake, ya mdalasini na ya karafuu, viko mezani hapo mlangoni.

MASWALI

Bi Mwanakhamis, shikamoo. Tuanze na kamba zako. Ulijuaje kwamba kotonii imeanza kukukatalia? Tueleze ulichokiona kwa macho na ulichokishika kwa mikono.

(Asikatizwe. Wiki iliyopita alinieleza kwa dakika kumi na kila neno lilikuwa na thamani. Nimpe saba.)

Ahsante sana bibi. Dokta Salma, umesikia: matawi yanageuka meupe, yanalegea, kisha yanakatika na kwenda na maji, na mtu anabaki na taitai tupu, vile vikamba vya kufungia mbegu, kwenye kamba. Je, huu ni ugonjwa, au ni joto? Na kwa nini spinosamu inavumilia pale pale kotonii inapokufa?

(Atasema joto, jua kali na mabadiliko ya chumvi vinauchosha mwani kwanza, kisha vimelea vinaingia. Akitumia neno gumu nimwombe alirudie kwa Kiswahili cha ufukweni.)

Kwa hiyo Dokta, kama nimekuelewa, maji yakiwa ya kina hayachemki kama haya ya karibu, na mwani unapumua. Wenzetu wamejaribu nyavu za bomba, mbegu inakaa ndani na wimbi haling'oi. Hapo narudi kwa Bi Mwanakhamis, na swali hili nimemwomba ruhusa kabla ya kuliuliza mbele za watu. Bibi, unajua kuogelea?

(Nyamaza. Ukumbi ukicheka, nisicheke nao.)

Mnaona jambo lilipo. Kilimo chetu kilijengwa juu ya miguu: maji yakitoka unatembea mpaka kwenye kamba zako, yakirudi unarudi. Shamba la kina linataka mashua, linataka mtu anayeogelea, na mara nyingi mwenye mashua ni mwanamume. Dokta, katika majaribio uliyoyaona, mashua ilikuwa ya nani, na mwani uliovunwa ukawa wa nani?

(Hili ndilo swali la leo. Akipita juu juu nimrudishie.)

Ndugu Haji, tumezungumzia gharama za kwenda kina. Sasa mama akishanunua nyavu na kulipa mashua, bei yako ya kotonii inamrudishia? Na nani anaipanga: wewe, kampuni, au mnunuzi wa ng'ambo anayetaka karajini, ule ute unaotolewa kwenye mwani, ya kuweka kwenye dawa ya meno na aiskrimu?

(Atasema mwani wenye mchanga na unyevu unashusha bei. Ni kweli, lakini nimuulize pia: anayeanika juu ya chanja na kuleta mwani safi, analipwa zaidi ya aliyeanika mchangani?)

Bi Asha, wewe umechagua njia nyingine, hukusubiri mizani. Kilo ile ile ikitoka mikononi mwako kama sabuni ina thamani gani? Lakini tuambie pia ukweli wa mwaka 2020, watalii walipokosekana. Sabuni ilikwenda wapi?

MASWALI YA UKUMBI

(Dakika ishirini. Wa kwanza wenye mashamba, watafiti na viongozi wafuate. Asiyependa kusimama amwambie dada mwenye karatasi, nitasoma mimi.)

MUHTASARI WA KUSEMA

(Nimezungumza na wote wanne kabla, najua watakachosema. Kisichosemwa leo nikifute hapa.)

Ndugu zangu, nikusanye tuliyoyasikia, na aliyenukuliwa vibaya anisahihishe hapa hapa.

Bi Mwanakhamis ametuambia kotonii haikupotea kwa uvivu wa mtu. Maji yamebadilika, na mkono wake ulijua mapema. Dokta Salma amekubaliana naye, na ameonyesha kwamba kwenye kina mwani unaishi, ila hakuna faida kama anayevuna si anayemiliki. Ndugu Haji amekiri mwani safi unastahili bei yake, na ameahidi kuibandika bei hiyo ubaoni kabla ya mavuno, kila mtu aisome. Bi Asha ametuonyesha sabuni inalipa, na pia kwamba soko la watalii peke yake halitoshi.

Wamepishana pamoja na hayo, na sitalificha: Ndugu Haji anataka kina kianze na wenye mashua walio tayari. Bi Mwanakhamis anataka kwanza akina mama wafundishwe kuogelea na wawe na mashua ya kikundi. Halijaisha. Litakuja mbele ya kamati ya kijiji, na ninaomba lisiamuliwe siku ya bamvua.

Daftari la mafunzo ya kuogelea liko mlangoni, karibu na sabuni. Mwalimu ni mwanamke, na nguo za stara zinaruhusiwa. Bi Mwanakhamis ameshaandika jina lake, ni la kwanza. Ahsanteni, chai iko tayari.