Kuhusu maleba ya igizo la Maji Maji

Mwalimu Mkuu na wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za siku.

Nimeona meseji za jana, kuna mzazi kasema watoto tumewavalisha kama wako msibani, mwingine anauliza si wangevaa tu vitenge vya nyumbani tukaokoa hela ya mchango. Mimi ndo nashughulika na maleba kwahiyo lawama ni zangu, ila nisikilizeni kidogo.

Igizo linaanzia Umatumbini mwaka 1905, watu wanang'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Sasa hao watu walivaa nini? Kaniki na merikani, yani nguo ya pamba hiyohiyo, imetoka ng'ambo na wamenunua dukani kwa hela. Ile sini ya kwanza binti anang'oa mche huku kajifunga kaniki, mtazamaji akiliona hilo hatuhitaji msimulizi wa kumweleza. Mvalishe kitenge cha maua cha juzi, yote imepotea. Hata kanga nimekataa zile zenye maandishi tunayosoma sisi, maana enzi hizo kanga zenye maneno zilikuwa zinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, na bibi mmoja mwenye macho akiona "Mungu ni mwema" pale jukwaani atacheka mpaka watoto wasahau mistari.

Kaniki nimezipata Kariakoo, mpya zinachuja rangi balaa, mazoezi ya kwanza watoto walirudi na mabega ya bluu, samahanini sana kwa mashati ya shule. Nimeshazifua mara tatu na chumvi. Merikani ilikuwa inang'aa mno chini ya taa nikailoweka kwenye chai ya rangi usiku mzima, ndo maana inaonekana chafu, sio chafu jamani, ni majani ya chai.

Askari wa Mjerumani tumetumia kaki za skauti, hapo tumebana matumizi kweli, ila zipu nimezitoa zote nikaweka vifungo, na miguuni nimewazungushia vitambaa kuanzia kifundo mpaka chini ya goti. Niligundua mtoto akishafungwa vile anatembea tofauti, anakakamaa mwenyewe kabla sijamwambia kitu. Akida ana kanzu na joho la kuazima, tafadhali mtoto asilikalie chini.

Wapiganaji watafunga mabua ya mtama kichwani kama walivyofanya wale wa kweli, hayo sijapata ya kutosha, mwenye shamba au ndugu mwenye shamba anisaidie kabla ya Alhamisi. Na kila mtoto aje na pini nne za kubania, kaniki zikilegea katikati ya vita mimi sitakuwa jukwaani.

Mama wa maleba