Mangi, ule ujumbe wa jana ufute

Mangi, ule ujumbe niliokutumia jana usiku ufute. Nimeusoma tena asubuhi nikifungua duka, nikaona aibu peke yangu. "Kwanza, tambua hisia zako. Pili, orodhesha vyanzo vya msongo. Tatu, jenga mtandao wa watu wa kukusaidia." Mtu ananiambia leo usiku wa nne hajalala, namjibu kama namsomea ajenda za kikao! Zile ni karatasi za semina ya parokiani, zilikuwa mezani. Wewe ukajibu "Asante ndugu." Tangu lini tukaitana ndugu?

Kuna maneno yako jana niliyapita kama sijayaona. "Mwaka huu bora nisiwepo kabisa." Ulimaanisha usiwepo Rombo Krismasi, au usiwepo duniani? Nakuuliza bila kuzunguka kwa sababu sitaki kubahatisha. Kama ni hilo la pili, hata kwa mbali, acha kusoma, nipigie sasa hivi. Kutoka hapa Sakina mpaka kwako Ngaramtoni ni bodaboda moja tu. Nitalala hapo kwako, na asubuhi tutakwenda hospitali wote, nikae na wewe kwenye benchi mpaka uitwe.

Kama ni la Rombo, basi tuanze na kikoba, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Ulichukua 900,000, na riba ya asilimia 10 inakuwa 990,000. Umesharudisha 430,000. Zimebaki 560,000, ndiyo namba unayoiota. Lakini mbona hisa zako huzihesabu? Una 410,000 mle ndani. Siku ya kuvunja wanakata deni kwenye hisa, kila mwaka wanafanya hivyo. Unachodaiwa hasa ni 150,000. Ni hela, sikatai, na mwaka huu gawio hutaliona. Ila si ile ya kukimbia mji. Mfuate mwenyekiti kabla ya kikao, mwombe uilipe mpaka Februari. Usisubiri akusomee jina mbele ya watu.

Shemeji anajua? Nadhani hajui, kwa jinsi ulivyoandika. Mwambie leo, kabla hajaambiwa na mwanachama mwenzako pale sokoni. Atanuna siku mbili. Wangu alinuna wiki.

Halafu hilo la kuwadanganya nyumbani kwamba una malaria, Mangi, hapana. Mama yako namjua. Akisikia malaria saa nne asubuhi, saa kumi jioni yuko stendi na hotipoti ya mtori, anauliza gari za Arusha. Utamficha wapi?

Na najua kinachokuuma si mbuzi uliyemwahidi mzee. Ni yale magari yanayopangwa nje ya kanisa tarehe 25, watu wametoka Dar, na yule mjomba wako mwenye sauti anayeuliza kila mtu "wewe umekuja na nini?" Unakumbuka 2020, korona ilipofukuza watalii? Mimi nilikuwa naendesha gari za safari, nikakaa miezi bila safari hata moja. Disemba nilishuka Mkuu na kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Njia nzima, kuanzia Himo, nilikuwa natunga maneno ya kumwambia baba. Nilipofika akaniuliza kama nimekula, kisha akanipa panga nikakate majani ya ng'ombe. Basi. Yale maneno mpaka leo sijayatumia. Mjomba wangu aliuliza, ndiyo, na iliniuma mpaka mbege ya pili hivi.

La kaka yako ndilo gumu, sitakudanganya. Mpaka wa kihamba si jambo la kumaliza kwa simu, na yale uliyomwambia mwaka jana mbele ya watoto wake hayakuwa mazuri. Nilikuwepo, nilisikia. Lakini yeye pia alikuchokoza. Ukifika, usianze na habari za mpaka. Kata isale, mpelekee asubuhi kabla watu hawajajaa, mzee akiwepo. Kwetu mtu akiletewa isale hawezi kuigeuzia mgongo, hata akiwa na hasira bado. Mpaka mtauongea mwezi wa kwanza, wageni wakishaondoka.

Tarehe 22 natoka na Noah ya shemeji yangu, saa kumi na moja alfajiri, kabla barabara ya Moshi haijajaa magari. Nafasi yako na ya mkeo na mtoto nimeishaweka. Nauli usiniulize, utashika mafuta mwakani. Sukari tutanunua Himo.

Leo nipo dukani mpaka saa kumi na mbili. Pitia, uje na daftari la kikoba, nataka kuziona hizo hisa kwa macho yangu. Na lile swali la juu nijibu kwanza, kabla hujavaa viatu.