Dhamana ya Duka kwa Friji, Mashine za Kufulia na Feni Zilizotumika

Dhamana hii tunaitoa sisi wenyewe, duka la Machomane, Chake Chake; kiwanda hakimo. Kitu ulichonunua kimeshatumika, na ndiyo maana ya bei yake. Tunachoahidi ni hiki kilichoandikwa hapa.

Kila friji tumeiwasha saa 24 mfululizo, kipimajoto kimo ndani. Haiuzwi mpaka sehemu ya chini isome nyuzi 5 au pungufu na freza ifike 18 chini ya sifuri. Mashine ya kufulia imefua mara tatu, na nguo ndani. Feni imezunguka saa sita. Kasoro tuliyoiona imeandikwa kwenye risiti. Isome kabla hujalipa.

Kompresa ya friji ina dhamana ya siku 90. Gesi kuvuja, pamoja na themostati: siku 30. Mota na pampu ya mashine ya kufulia: siku 30. Mota ya feni: siku 14. Hesabu inaanza siku ya pili ya tarehe ya risiti, na siku ambazo kitu kiko kwa fundi wetu hazihesabiwi.

Kikiharibika ndani ya muda huo, tunatengeneza bure, vipuri na ufundi juu yetu, ndani ya siku 7. Ikishindikana, unachagua: kingine cha bei ileile au fedha zako zote. Gari la kukileta dukani ni lako, la kukirudisha ni letu, iwe Wete au Mkoani.

Hatudhamini taa, mpira wa mlango, droo, vishikio, mikwaruzo wala kutu. Kutu, kwa hewa hii ya chumvi, hatuwezi kumwahidi mtu.

Freza iliyotobolewa pia haimo. Tundu la kisu tunalijua: mtu anauza barafu, ukoko umeganda, anauchokoa kwa ncha, gesi inatoka fsss, kisha anatwambia imevuja yenyewe. Zima friji, fungua mlango, subiri iyayuke.

Kompresa iliyoungua kwa friji kuchomekwa ukutani bila ya stebalaiza haimo. Siku ya kununua tunakuuliza kama unayo, na jibu lako tunaliandika kwenye risiti. Ikiwa friji imelazwa kwenye gari, isimamishe saa 24 kabla hujaiwasha.

Skrubu za nyuma tumezipaka rangi nyekundu. Rangi ikibanduka kwa kuwa fundi mwengine kafungua, dhamana imekwisha, hata kama kafungua kuangalia tu.

Ukimpa au ukimuuzia mtu mwengine, mpe na risiti. Siku zilizobaki ni zake. Risiti ikipotea, njoo na tarehe uliyonunua, tutatafuta nakala kwenye daftari letu. Dhamana hii haipunguzi haki yoyote unayopewa na sheria.

Madai yanapokewa dukani Jumamosi mpaka Alkhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri.