YAH: OMBI LA UDHAMINI WA SIKU YA NGOMA NA ZABIBU, MPUNGUZI

Kamati ya Maandalizi,
Kata ya Mpunguzi, Dodoma.

Kwa wafanyabiashara wa Mpunguzi na Dodoma mjini,

Ndugu, habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, wakulima wa zabibu wataleta mazao yao uwanja wa shule ya msingi, na akina mama wa Kigogo watapiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya magoti kama walivyofundishwa na mama zao. Wazee wa zeze wamekubali kuwafundisha vijana siku hiyohiyo. Wapigaji hawa ni wachache, na tunataka watoto wetu wawaone wakiwa bado na nguvu.

Tumekwishachanga wenyewe. Kilichobaki ni maturubai, spika, maji ya kunywa na nauli za vikundi, jumla shilingi 2,400,000. Unaweza kutoa fedha au kitu. Mwenye duka la vinywaji akileta katoni za maji, ametusaidia sana.

Atakayetoa kuanzia shilingi 200,000, au kitu cha thamani hiyo, jina la biashara yake litaandikwa kwenye bango la jukwaani na fulana za wahudumu, litatangazwa kila kikundi kinapopanda, na atapewa meza ya kuuzia bila malipo. Wadogo pia watatajwa, hatutamwacha mtu.

Tunaomba jibu kabla ya tarehe 10 Agosti, kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Risiti utapewa hapohapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Katibu wa Kamati